Jasho Lisilokuwepo

Mgonjwa wa kitanda namba saba alikuwa akichuna chai tangu kulipopambazuka, na chai haikuwepo.

Alikuwa ameketi katikati ya kitanda, miguu ameikunja chini ya blanketi la hospitali, mikono yote miwili ikitembea hewani mbele yake. Vidole vilibana, vikavunja, vikakusanya. Kiganja kikijaa alirusha nyuma ya bega, mahali ambapo kikapu kingekuwa mgongoni, kisha akaanza tena. Wanawake wengine wa wodi walikuwa wamegeukia ukuta. Yule wa kitanda cha nane alikuwa ameomba mara mbili ahamishwe, na alipokataliwa akajifunika shuka hadi kichwani.

Chelangat alisimama miguuni pa kitanda akiwa na faili kifuani. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano, wiki ya tatu katika hospitali hiyo ya misheni kwenye vilima vya chai, na saa nne asubuhi hiyo angesimama mbele ya Daktari Bochaberi kueleza kisa cha mgonjwa huyu na kuulizwa maswali. Alikuwa amezaliwa upande wa Bomet, kwenye shamba la chai la ekari moja na nusu, na ndiyo maana hakuweza kuacha kutazama mikono ile. Kuchanganyikiwa kwa mama huyu hakukumtisha. Kilichomtisha ni usahihi wa vidole vyake. Alichuna majani mawili na kichipukizi. Penye jani zee, vidole viliruka.

"Sogea kidogo, Chepkorir," mgonjwa alisema kwa sauti iliyokauka, akitazama pembeni ya Chelangat. "Unanizibia mstari."

Chelangat alisogea kabla hajajijua.

"Anaongea na nani?" aliuliza.

Mzee Johana, mume wa mgonjwa, alikuwa kwenye benchi kando ya kitanda. Walikuwa wamemruhusu alale pale kwa sababu mkewe alikuwa akijaribu kutoka nje. Mapajani alikuwa na bakuli la plastiki lenye kifuniko. Alijibu bila kuinua macho.

"Chepkorir ni dada yangu. Walikuwa wanachuna pamoja, yeye na Rodah, mstari kwa mstari. Tulimzika mwaka jana."

Nje ya madirisha ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye vioo. Usingeweza kuona bomba la maji lililokuwa hatua kumi kutoka mlangoni.

Rodah alikuwa ameletwa jana magharibi. Alikuwa amepeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, na wakati wa kupima akaanza kuwapa mikono watu ambao hawakuwepo. Majirani walimrudisha nyumbani akiwa anapepesuka, halafu Johana akampakia kwenye gari la jirani. Chelangat ndiye aliyempokea na kuandika historia yake, na Daktari Bochaberi, ambaye alikuwa akikimbilia chumba cha upasuaji kumsaidia mwenzake, alimpima kwa dakika tano akaandika: malaria iliyopanda kichwani, angalia pia homa ya uti wa mgongo. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa kimetoa mistari miwili. Wakaanza sindano ya malaria kali na ya antibiotiki. Na kwa sababu Rodah alikuwa anang'oa dripu, daktari aliandika kloropromazini ya kumtuliza, kila baada ya saa sita.

Lakini Rodah hakutulia. Kila akidungwa, muuguzi wa wodi, Sister Wacuka, alisema, ndipo mikono inaongeza kasi.

Saa nne kamili Daktari Bochaberi aliingia. Alikuwa mama mwembamba kutoka Kisii, miwani ikining'inia kwa uzi shingoni, na alikuwa na sauti ndogo ambayo ilikulazimisha kunyamaza ili uisikie. Nyuma yake alikuwa Wachira, mwanafunzi mwenzake Chelangat, kijana aliyeweza kukutajia sababu arobaini za homa bila kupumua. Fomu ya chuo ya kumpima mwanafunzi ilikuwa juu ya faili za daktari: taja, taja, eleza kwa ufupi, taja. Aliitia chini kabisa ya faili na hakuigusa tena.

"Mambo ya kutaja yako kwenye simu zenu," alisema. "Anza, Chelangat. Lakini usinitajie ugonjwa kwanza. Niambie tatizo la mama huyu kwa sentensi moja."

Chelangat alikuwa amekariri kurasa sita. Zote zilianza na jina la ugonjwa. Alilifunga faili.

"Ni mama wa miaka arobaini na sita, mzima wa afya, ambaye… ambaye jana mchana alichanganyikiwa ghafla. Ana homa ya thelathini na nane na nusu, moyo unapiga mia moja na thelathini, na anaona watu."

"Vizuri. Ghafla kiasi gani?"

"Saa nane alikuwa sawa. Saa kumi hakuwa sawa."

"Kwa nini nimeuliza?"

Chelangat alifikiri. "Kwa sababu homa ya uti wa mgongo ingempa dalili kabla. Kichwa, kutapika, siku moja au mbili. Hii imekuja kwa saa mbili."

"Inaweza kuja haraka pia. Usiifute, maana ukikosea hapo atatufia. Iweke pembeni tu. Sasa, niliandika malaria. Ni nini kinakufanya uniamini, na ni nini kinakukatalia?"

Wachira alimtazama Chelangat haraka. Hakuna aliyewahi kuulizwa swali kama hilo, la kumpima daktari mwenyewe mbele yake.

"Kipimo," Chelangat alisema. "Mistari miwili."

"Hicho kipimo kinakuambia nini hasa? Na hakikuambii nini?"

Mikono ya Rodah ilikuwa ikiendelea. Chelangat alifungua faili, ukurasa wa nyuma, pale chini alipoandika jambo jana kwa herufi ndogo akiliona halina uzito. Rodah alikuwa amekwenda mazishini Fort Ternan, kule chini kwenye joto, akarudi na malaria, akatibiwa akapona. Wiki mbili zilizopita.

"Kinaniambia vijidudu vilipita," alisema polepole. "Hakiniambii kwamba bado viko. Kinaweza kubaki na mistari miwili wiki nyingi baada ya dawa. Na damu iliyotazamwa kwa darubini haikuwa na kitu. Jana na leo, Daktari. Zote mbili."

"Ulijua hayo jana?"

"Safari niliijua. Niliiandika chini."

"Na mimi sikusoma chini," alisema Daktari Bochaberi. Hakusema zaidi, lakini alivua miwani akaivaa tena. "Wachira, wewe unaonaje?"

"Sumu ya kunyunyizia, Daktari," Wachira alijibu bila kusita. "Ni mfanyakazi wa shamba. Dawa za wadudu zinachanganya akili. Tumpe atropini."

"Ni wazo la maana. Chelangat, kama Wachira yuko sahihi, utakuta nini ukimgusa huyu mama sasa hivi?"

Chelangat alizunguka kitanda. Sister Wacuka alikuwa ametokea na sinia lenye sindano ya saa nne, akasimama akingoja wamalize. Chelangat aliinamia uso wa Rodah. Karibu hivyo, macho yake yalikuwa meusi matupu. Ile rangi ya kahawia ilikuwa imebanwa ikawa uzi mwembamba ukingoni, na katikati kulikuwa na mashimo mawili. Alimulika kwa tochi ya simu. Mashimo hayakusogea.

"Kama ni ile sumu, mboni zingekuwa ndogo kama tundu la sindano," alisema. "Mate yangekuwa yanamtoka. Angelowa jasho. Hizi zimefunguka zote. Ni kinyume chake."

"Na tukimpa atropini?"

Chelangat alizima tochi. "Atropini ndiyo inayofungua mboni. Tutakuwa tunaongeza kile kile."

Wachira aliinamisha kichwa. Daktari Bochaberi hakumsuta. Alisogea hatua moja akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Umeniambia vilivyopo. Sasa niambie, ni nini hakipo kitandani hapa ambacho kilipaswa kuwepo?"

Yule wa kitanda cha nane alishusha shuka kidogo. Chelangat alitazama mto, blanketi, shuka lililonyooka vizuri. Hilo shuka. Mtu ambaye hajalala usiku kucha, ambaye moyo wake unakimbia, ambaye mikono yake haijapumzika tangu jana. Alitia mkono chini ya blauzi ya Rodah, kwapani. Palikuwa pakavu na pa moto, kama kigae kilichotolewa jikoni.

"Jasho," alisema. "Hana jasho." Kisha, kwa sababu jambo moja lilivuta lingine, aliweka kiganja chini ya kitovu na akakuta uvimbe wa mviringo, mgumu, hadi juu. "Na mkojo. Shuka halijalowa tangu jana, nikafikiri ni jambo zuri. Kibofu kimejaa. Hajakojoa hata kidogo."

"Kwa hivyo?"

"Kitu kimemkausha. Macho, ngozi, mdomo, kibofu, yote pamoja. Hajaugua, Daktari. Amekula kitu." Kisha aliona sinia mkononi mwa Sister Wacuka, na sauti yake ikapanda. "Sister, usimpe hiyo! Kloropromazini nayo inakausha. Ndiyo sababu anazidi."

Sister Wacuka alimtazama daktari. Daktari Bochaberi alikuwa amemkodolea macho mwanafunzi wake.

"Rudisha hiyo sindano," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyeiandika. Tuendelee. Amekula nini?"

Chelangat aligeukia benchi. "Mzee, samahani. Jana mchana mama alikula nini?"

Johana alikuwa anatazama miguuni pa kitanda, pale ambapo Chelangat alikuwa amesimama mwanzo, na uso wake ulikuwa mwekundu. Taratibu, kwa heshima, alijisogeza akaacha nafasi kwenye benchi.

"Kaa hapa, Chepkorir," alisema. "Umesimama sana."

Mkono wake wa kulia ukainuka kutoka kwenye bakuli, ukabana hewa, ukavunja.

Mama wa kitanda cha nane alianza kusali kwa Kipsigis. Mtu upande wa pili wa wodi alilia mara moja, kama mtoto. Wachira alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, na Chelangat aligundua kwamba yeye mwenyewe hathubutu kuangalia ile nafasi tupu kwenye benchi.

"Wazimu wa kuambukizana," Wachira alinong'ona. "Upo vitabuni. Mume na mke."

"Ukiuita hivyo, utafanya nini tofauti?" Daktari Bochaberi aliuliza.

Chelangat alipiga magoti mbele ya Johana akalichukua lile bakuli. Ndani kulikuwa na kipande cha ugali baridi na mboga za kienyeji, managu, zilizokwisha nusu. "Mzee. Mzee Johana, nitazame. Hiki chakula umekitoa wapi?"

Johana alimtazama kwa mboni kubwa. Ilimchukua muda kumwona. "Mama yangu. Amenitumia na bodaboda asubuhi. Ni mboga za jana, Rodah alipika mwenyewe mchana, akala, sisi tukawa hatujarudi." Ulimi ulimgandia. "Mama amesema na yeye atazila na chai."

"Mama yako yuko na nani nyumbani?"

"Na Chepkorir," Johana alisema.

Simu ya nyumbani iliita hadi ikakatika. Daktari Bochaberi alitoa amri tatu mfululizo: Rodah awekwe mpira wa mkojo na apunguzwe joto kwa vitambaa vya maji, apewe diazepamu badala ya ile sindano; Johana anyweshwe makaa ya dawa ya kufyonza sumu sasa hivi, angali anaweza kumeza; antibiotiki isisimamishwe mpaka maji ya uti wa mgongo yapimwe. Kisha akamwambia Chelangat aingie kwenye ambulensi.

Jackton, dereva, aliendesha taa zikiwa zimewashwa ingawa ilikuwa saa tano ya mchana. Chai ilitokea na kupotea pande zote mbili za barabara kwa dakika ishirini nzima.

Nyumba ilikuwa wazi. Mezani palikuwa na kikombe cha chai kilichokwisha na sahani yenye mabaki ya mboga. Redio ilikuwa inacheza nyimbo za kanisa. Hakuna mtu.

Wakasikia sauti. Ndogo sana, ya kuvunjika, tik, tik, tik, kutoka bondeni kwenye ukungu. Chelangat aliijua sauti hiyo tangu utotoni.

"Mimi nitabaki hapa na machela," Jackton alisema. Chelangat hakumlaumu.

Alishuka kati ya mistari ya chai, maji ya majani yakimlowesha hadi kiunoni. Yule bibi, mama yake Johana, alikuwa katikati ya shamba, peku, kitambaa cha kichwa kimedondoka, na alikuwa anachuna chai ya kweli. Alichuna vizuri. Mikono ikijaa alirusha nyuma, na nyuma yake, mstari mzima aliopitia, majani mabichi yalikuwa yametapakaa matopeni. Alikuwa anaongea. Alisema jambo, akangoja, akacheka kidogo, akajibu.

"Kogo," Chelangat aliita, neno ambalo angemwita bibi yake mwenyewe. "Kogo, twende nyumbani."

Bibi aligeuka. Mashimo yale yale mawili. Akamtazama Chelangat kutoka kichwani hadi miguuni, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo ilikuwa ngumu kuivumilia.

"Chepkorir. Umezunguka huko?"

Chelangat angeweza kusema hapana. Alifikiria kumwambia jina lake, ukoo wake, hospitali. Halafu aliona jinsi kifua cha bibi kilivyokuwa kikipanda na kushuka, midomo iliyopasuka, na umbali wa kupanda hadi kwenye gari.

"Ndiyo," alisema. "Nimekuja kukuchukua." Mara tu maneno yalipomtoka, alitamani angeyasema kwa namna nyingine.

Bibi alimpa mkono. Ulikuwa wa moto na mkavu kama karatasi. Akaushika wa Chelangat kwa vidole vyote, akausugua.

"Bado ni baridi hivi," alisema kwa huruma. "Bado, mtoto wangu?"

Walipanda pamoja. Njia nzima bibi alikuwa akigeuka kila baada ya hatua chache, kama mtu anayemngoja mwingine afike. Pembeni mwa shamba la mahindi, Chelangat alisimama. Managu yalikuwa yameota yenyewe baada ya mvua, na katikati yake, yamechanganyika jani kwa jani, kulikuwa na miche ya gugu lile lenye sumu linaloota kwenye majaa ya taka, lenye maua meupe marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba. Ikiwa michanga hivi, kwa mtu mwenye haraka, ilifanana na managu. Aling'oa mmoja akautia mfukoni, na hakumwachia bibi mkono.

Maji ya uti wa mgongo ya Rodah yalirudi masafi. Alasiri ya siku ya pili mikono yake ilianza kuchoka. Ilichuna polepole, ikasahau kurusha, ikatulia juu ya blanketi, naye Rodah akalala kwa saa kumi na nne. Alipoamka aliomba maji na kuuliza nani amelisha ng'ombe. Hakukumbuka chochote tangu alipoweka sufuria jikoni. Johana alikuwa amepona kabla yake. Bibi alichelewa, siku mbili moyo wake uliwatia hofu wote, na Sister Wacuka hakutoka kando yake. Siku ya nne alikaa akala uji.

Siku hiyo hiyo Daktari Bochaberi alichukua faili la Rodah, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yake ya kwanza, bila kuyafuta, ili yasomeke, akaandika chini yake: *Nilikosea. Sikutazama jasho.* Akatia sahihi na tarehe. Kisha akamwita Chelangat kwenye kile chumba kidogo cha madaktari, ambapo fomu ya chuo ilikuwa bado tupu.

"Nimebaki na swali moja," alisema. "Ni nini katika kisa hiki bado hukielewi?"

Chelangat alitazama mikono yake. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, kwa kiasi cha sumu kwenye jani, kwa saa ambazo inakaa mwilini.

"Sumu hii inaleta watu," alisema. "Hilo naelewa. Lakini kila mtu huletewa wake. Hawa watatu waliletewa mmoja."

"Walikuwa wanaomboleza mtu mmoja. Mume alimsikiliza mkewe usiku mzima. Bibi naye alikuwepo Rodah aliporudishwa nyumbani."

"Nimejiambia hivyo, Daktari. Inaeleza karibu yote. Leo asubuhi nimeenda kumwomba kogo msamaha, kwa sababu nilimdanganya. Nimemwambia kwamba yule wa shambani nilikuwa mimi, si Chepkorir. Akasema anajua. Akasema yeye hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anamjibu aliyekuwa akitembea nyuma yangu."

Daktari Bochaberi aliilaza kalamu juu ya fomu. Sauti za wodi zilipita ukutani, kigari cha dawa, mtu akikohoa.

"Anakumbuka?" aliuliza. "Rodah hakumbuki hata chakula."

"Hicho ndicho nisichoelewa."

"Basi andika hivyo hivyo," daktari alisema. "Usiijaze kwa maneno makubwa." Alisukuma karatasi upande wa Chelangat, akainuka kumwona mgonjwa mpya aliyekuwa ameletwa kutoka Kaplong.

Chelangat aliandika. Ilikuwa mistari miwili tu, na ilimchukua hadi saa ya chakula.